Dola inakopwa Lubumbashi, bei yake inapangwa Washington

*Swali: Niko na duka la vifaa vya ujenzi katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Banki imekubali kunikopesha dola 20,000 kwa miaka mitatu, na inanipa nichague: asilimia 16 kwa mwaka isiyobadilika, au asilimia 14 "inayoweza kurekebishwa". Afisa wa mikopo ananiambia nichukue ya 14, kwa sababu Banki Kuu imeshusha riba yake na hii yangu nayo itazidi kushuka. Mauzo yangu ni nusu dola, nusu faranga. Nichukue ipi?*

Mama, afisa wako amekuambia jambo la kweli, kisha akalifunga kwenye mkopo usiohusika nalo. Ni kweli kwamba mwezi wa Oktoba 2025 Banki Kuu ya Kongo ilishusha riba yake elekezi kutoka asilimia 25 hadi 17.5. Lakini riba hiyo ni bei ya faranga. Ndiyo bei ambayo banki za biashara zinalipa zikiishiwa faranga na kwenda kuzikopa kwa muda mfupi Banki Kuu. Wewe unakopa dola, na dola haichapishwi Kinshasa.

Ungekuwa unakopa faranga, ningekujibu vingine. Kumbuka mwaka 2023. Faranga ilikuwa inaporomoka: mwanzoni mwa mwaka dola moja ilikuwa karibu faranga 2,000, na mwaka ulipoisha ilikuwa inakaribia 2,700. Mwezi wa Juni Banki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 11, ikaona haitoshi, na mwezi wa Agosti ikairusha hadi 25 kwa mara moja. Shabaha ilikuwa kufanya faranga iwe ghali kukopa, ili watu na banki wasichukue faranga za bei rahisi na kukimbilia kununua dola.

Chukua mfanyabiashara wa kufikirika ambaye Juni hiyo alikopa faranga milioni 10 kwa miezi 24, na mkataba wake ukasema atalipa riba ya Banki Kuu kuongeza 5. Anaanza na asilimia 16, analipa faranga 489,600 hivi kwa mwezi. Baada ya kulipa mara mbili riba yake inaruka hadi 30, na malipo yake ya mwezi yanakuwa karibu 553,700. Ni faranga 64,000 za ziada kila mwezi, na dukani hakuna kilichobadilika. Kwa mwenye mkopo kama huo ambao ulikuwa haujaisha, habari ya Oktoba 2025 ilikuwa sababu ya kufurahi. Kwako ni habari ya jirani.

Sasa tuangalie dola inapata wapi bei yake. Katika banki zetu karibu sehemu tisa kwa kumi za amana ziko katika fedha za kigeni, yaani dola, na mikopo nayo ni hivyo hivyo. Banki ya hapa mjini inaweka sehemu ya dola zake kwenye banki za nje inazoshirikiana nazo, na huko inalipwa riba inayofuata Banki Kuu ya Amerika, ile inayoitwa Fed. Zaidi ya hapo, banki nyingine zinakopa dola kutoka taasisi za nje ili zije zikukopeshe wewe, na mikopo hiyo mara nyingi inahesabiwa juu ya kipimo kinachoitwa SOFR, ambacho hutolewa New York kila siku ya kazi na kinakwenda bega kwa bega na riba ya Fed.

Fed ilikuwa na riba ya karibu sifuri mwanzoni mwa 2022. Kufikia Julai 2023 ilikuwa imeipandisha hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Ilianza kushusha Septemba 2024, na Desemba 2025 ikafika kati ya 3.50 na 3.75. Huo ndio mlima ambao dola yako inaupanda na kuushuka. Fed ikipandisha, banki yako inapata pesa nzuri kwa kuacha dola zake nje bila kumkopesha mtu, na zile inazokopa huko zinaigharimu zaidi. Kwa hiyo anayekuja kukopa hapa ataulizwa bei ya juu zaidi.

Ila usitegemee kwamba Fed ikishusha pointi moja utaiona yote mkononi. Gawanya hiyo 14 yako: kama 4 hivi ni bei ya dola yenyewe kule nje, na 10 zilizobaki ni nyongeza ya banki. Humo ndani kuna hofu ya kwamba hutalipa, kazi ya kufuatilia dhamana yako, mishahara, ulinzi, na faida yao. Fed haigusi hizo 10 hata kidogo. Na hata ikitokea riba yako ikashuka pointi nzima tangu siku ya kwanza, kutoka 14 hadi 13, malipo yako ya mwezi yatatoka dola 684 hadi 674. Dola kumi. Ndiyo furaha kubwa ambayo afisa wako anakuahidi.

Kwa haki, Banki Kuu ya Kongo nayo ina mlango mmoja wa kuingilia hata kwenye mkopo wa dola. Inalazimisha banki kutenga sehemu ya amana za wateja kama akiba ya lazima, zikiwemo amana za dola, na kilichotengwa hakikopeshwi. Tuseme kati ya kila dola 100 ni lazima 13 zikae kando. Banki inamlipa mwenye amana dola 4 kwa mwaka juu ya dola zote 100, lakini inafanya kazi na 87 tu, kwa hiyo dola hizo zinaigharimu karibu asilimia 4.6 badala ya 4. Tofauti hiyo unailipa wewe. Ni ndogo na inakwenda polepole, lakini ipo, na kushusha riba elekezi hakuiondoi.

Tukirudi kwenye uchaguzi wako, kuna swali ambalo hukuuliza na ambalo ndilo litaamua: hiyo riba ya 14 inarekebishwa kwa kufuata nini? Omba mkataba kabla ya siku ya kutia sahihi, keti nao nyumbani, tafuta kifungu cha riba. Utakuta moja kati ya namna mbili. Namna ya kwanza inataja kipimo kinachoonekana na kila mtu, kwa mfano SOFR ya siku fulani kuongeza nyongeza ya banki, na inataja tarehe za kuhesabu upya: kila miezi mitatu, sita, au mwaka. Hapo unaweza kumwomba mtoto wako afungue simu na kuhakiki hesabu. Namna ya pili inasema tu kwamba banki inaweza kurekebisha riba "kulingana na hali ya soko" au "kulingana na masharti ya banki". Nimefanya kazi ya mikopo miaka mingi na nakuambia wazi: kifungu cha namna hiyo kinapanda haraka na kushuka kwa kuombwa. Fed ikipandisha, barua inakufikia. Fed ikishusha, hupati barua.

Tafuta pia vikomo. Kikomo cha juu ni kile ambacho riba haitakipita hata Fed ifanye nini. Kikomo cha chini ni kile ambacho riba haitashuka chini yake. Mikataba mingi inaweka cha chini na kusahau cha juu, na usahaulifu huo sijawahi kuuona ukielekea upande wa mteja. Na kama mkataba bado unataja LIBOR, ujue ni karatasi ya zamani iliyonakiliwa bila kusomwa, maana kipimo hicho cha dola kilifungwa tarehe 30 Juni 2023. Waambie waandike upya.

Sasa hesabu, na nimezikata mpaka dola nzima. Kwa asilimia 16 isiyobadilika utalipa dola 703 kila mwezi kwa miezi 36, jumla dola 25,313. Kwa asilimia 14, kama haitaguswa kamwe, utalipa 684 kwa mwezi, jumla 24,608. Kwa hiyo tofauti ni dola 705 kwa miaka mitatu. Hiyo ndiyo bei ya kulala usingizi, na si mbaya. Lakini tuone inakulinda na nini.

Tuseme umechukua ya 14, na baada ya mwaka mmoja riba inapanda pointi nne nzima, hadi 18, na kubaki huko. Katika malipo yako ya kwanza dola 233 zilikuwa riba na 450 zilipunguza deni lenyewe, na kila mwezi sehemu ya riba ilizidi kupungua. Mwaka ukiisha unadaiwa dola 14,237 tu. Riba mpya inapiga kwenye hizo, si kwenye 20,000. Malipo yako yatapanda hadi 711 kwa mwezi, na ukijumlisha miaka yote mitatu utakuwa umelipa dola 25,261. Angalia vizuri: hata baada ya kupanda pointi nne, bado umelipa kidogo kuliko yule wa 16 isiyobadilika.

Lakini sogeza kupanda huko mbele. Riba ikipanda hadi 18 baada ya miezi mitatu tu, wakati unadaiwa bado dola 18,633, malipo yanakuwa 720 na jumla inafika 25,811. Hapo umepoteza karibu dola 500 ukilinganisha na mwenye 16. Kinachouma katika mkopo unaolipwa kila mwezi ni kupanda kwa riba mapema, wakati deni bado bichi. Kupanda kwa mwaka wa tatu karibu hakuna uzito. (Mkopo wa kulipa riba tu kila mwezi na mtaji wote mwishoni ni jambo lingine kabisa. Huko deni halipungui, na kila pointi inakupiga kwa uzito wote mpaka siku ya mwisho.)

Kwa hiyo jibu langu linategemea karatasi. Ukikuta mkataba wa 14 unataja kipimo, unarekebishwa mara moja tu kwa mwaka, na una kikomo cha juu cha 18, chukua ya 14 bila woga: hata mambo yakienda vibaya kabisa hutamzidi mwenye 16. Ukikuta inarekebishwa kila miezi mitatu bila kikomo cha juu, au ni ile ya "hali ya soko", chukua ya 16. Na kati ya hizo mbili kuna nafasi ya kuongea. Waambie: ninachukua ya 14, niandikieni kikomo cha 18 na marekebisho kila mwaka. Mteja mwenye dhamana nzuri husikilizwa kuliko anavyofikiri. Wakikataa kuandika kikomo huku wanakuapia kwamba riba itashuka, umeshapata jibu lako.

Kabla ya kufurahia "isiyobadilika", hakiki kitu kimoja. Kuna watu wanaposema riba haibadiliki wanamaanisha inahesabiwa kila mwezi juu ya mtaji wote wa mwanzo, hata ukiwa umeshalipa nusu. Kwenye taasisi ndogo za mikopo hesabu hiyo utaikuta sana, hasa pale riba inapotajwa kwa mwezi. Kwa mkopo wako ingekuwa hivi: asilimia 16 ya 20,000 ni 3,200, mara miaka mitatu ni 9,600, jumla 29,600, gawa kwa 36, unapata dola 822 kwa mwezi. Riba ya kweli hapo ni karibu asilimia 27.5 kwa mwaka, ingawa mlangoni imeandikwa 16. Huna haja ya kubishana nao juu ya maneno. Omba jedwali la malipo, lile linaloonyesha mwezi kwa mwezi riba ni ngapi, mtaji ni ngapi, na deni limebaki kiasi gani. Ukiona mstari wa kwanza una 703, ni riba ya kawaida. Ukiona 822, nyanyuka. Ukiona namba iliyo katikati, uliza ni bima na ada zipi zimefichwa humo.

Nimeacha mwisho jambo linalonitia wasiwasi zaidi kwako, na halimo kwenye kifungu cha riba. Nusu ya mauzo yako ni faranga. Mkopo wa dola kwa mtu anayeuza kwa faranga haujui kutulia, hata uwe na riba isiyobadilika kwa maandishi ya dhahabu. Zile dola 703, dola ikiwa 2,000, ni faranga 1,406,000. Dola ikiwa 2,700, ni karibu 1,898,000. Hiyo ndiyo safari ya mwaka 2023 peke yake: malipo yaleyale ya dola yakawa ghali kwa karibu nusu milioni ya faranga kila mwezi. Linganisha na dola 27 za kupanda kwa riba kutoka 14 hadi 18 tulizozihesabu juu. Kiwango cha kambista kinaweza kukuumiza mara nyingi zaidi kuliko Fed na Banki Kuu kwa pamoja.

Kiwango hicho kinakwenda pande zote mbili. Mwaka 2025, kuanzia Septemba, faranga ilipanda thamani ghafla, na dola iliyokuwa juu ya 2,800 ikashuka chini ya 2,500. Mwenye deni la dola na faranga sandukuni alipumua. Lakini mwenye duka aliyekuwa na mabati aliyoyanunua Zambia kwa dola na kuyapitisha Kasumbalesa alijikuta anayauza kwa faranga chache kwa wateja waliotaka bei ishuke siku hiyohiyo. Usisome kushuka huko kama ahadi ya miaka mitatu ijayo.

Unaweza kufanya hivi. Hesabu mauzo yako ya dola peke yake, ukiondoa zile unazozihitaji kurudia bidhaa. Kama kinachobaki kila mwezi kinafika 703, uko salama, na faranga iende inakotaka. Kama hakifiki, tuseme unabakiwa na dola 450, basi dola 253 zitatoka kwenye faranga, na hiyo sehemu ndiyo iliyo hatarini. Badili faranga zako kidogo kidogo kila wiki, usingoje tarehe ya kulipa ifike ndipo ukimbilie kwa kambista. Hutapata kiwango bora kila mara, lakini hutakamatwa na kiwango kibaya cha siku moja. Na ukiona pengo ni kubwa kuliko hilo, punguza mkopo. Dola 15,000 kwa asilimia 16 zinakutaka 527 kwa mwezi, na pengo la 253 linakuwa 77.

Usikimbilie kukopa nusu kwa faranga ili ulingane na mauzo. Kwenye karatasi inapendeza, lakini hata baada ya Banki Kuu kushusha riba yake, riba ya faranga utakayopewa kwa kawaida itakuwa juu kuliko 16 yako ya dola, na muda utakuwa mfupi. Kwa duka linalozungusha bidhaa zake kila miezi miwili mitatu inaweza kufaa, kwa mkopo mdogo wa kununulia saruji inayouzwa kwa faranga hapo hapo. Kwa miaka mitatu, hapana.

Siku ya kwenda banki uliza pia ada ya kulipa deni kabla ya wakati. Ukichukua ya 16 kisha baada ya mwaka riba za dola zikashuka kweli, njia yako ya kutoka ni kulipa deni lililobaki kwa mkopo mpya wenye riba ndogo. Baada ya miezi 12 ya malipo ya 703 utakuwa unadaiwa kama dola 14,360. Ada ikiwa asilimia 2 ya hizo ni dola 287, na mkopo mpya wa 14 kwa miezi 24 iliyobaki ungekupunguzia dola 330 hivi tu. Ukiongeza ada za kufungua faili jipya, hakuna faida. Kwa hiyo omba ada hiyo ifutwe sasa, kabla hujatia sahihi, wakati bado wanakutaka.